A ya sagen, ä ya trägt

Ubaoni palikuwa na majedwali mawili ya vitenzi vya Kijerumani. Kushoto *sagen*, kusema. Kulia *tragen*, kubeba.

| | sagen | tragen |
|---|---|---|
| ich | sage | trage |
| du | sagst | trägst |
| er, sie, es | sagt | trägt |
| wir | sagen | tragen |
| ihr | sagt | tragt |
| sie | sagen | tragen |

Darasa letu ni la jioni, ghorofani, dirisha linatazama barabara ya Majengo, na tuktuk zikipiga honi inabidi ninyamaze kidogo kisha niendelee. Wanafunzi wengi ni wauguzi wanaojiandaa kwenda Ujerumani. Dada mmoja huwa anakuja moja kwa moja kutoka zamu, bado yuko ndani ya yunifomu. Alilitazama lile jedwali la kulia, akarudi la kushoto, akainua mkono.

"Mwalimu, hii a na ile a, si a moja? Sasa mbona hii imevishwa nukta na ile imeachwa vivi hivi?"

Kijana wa nyuma akamjibu kabla yangu. "Kariri tu dada. Mtihani hauulizi mbona."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka.

## Jibu lililo vitabuni

Vitabu vya kufundishia vina jibu lao: hivi ni vitenzi visivyo vya kawaida. Geuza a iwe ä, *au* ya *laufen* iwe *äu*, e iwe i au ie, na ufanye hivyo kwa *du* na kwa *er* peke yake. Halafu inafuata orodha. *Fahren, schlafen, waschen, halten, laufen. Geben, nehmen, helfen, essen, messen, sehen, lesen.* Mwanafunzi anaipeleka nyumbani, anaikariri, anarudi nayo.

Jibu hilo halina uongo ndani yake. Lakini linaeleza nini kinatokea, na dada aliuliza kwa nini.

Kuna jibu la pili ambalo nimelisikia kwa walimu wengi: irabu inabadilika ili neno litamkike kwa urahisi. Hili ndilo lililonikaa kooni kwa wiki kadhaa. Kama *tragst* ni gumu kulitamka, basi *sagst* nalo lingekuwa gumu, maana mwisho wake ni ule ule. Na mbona *ihr tragt* linatamkika bila shida yoyote, mstari mmoja tu chini ya *er trägt*? Tofauti ya maneno hayo mawili leo ni irabu peke yake. Urahisi gani huo unaomjali *er* na kumsahau *ihr*?

Kuna mzee wangu mmoja wa Bamburi aliyejifunza Kijerumani ufukweni, kwa kuongea na wageni, na hajawahi kukaa mbele ya jedwali maishani mwake. Husema *du fährst*, *er schläft*, *sie nimmt*, bila kusita. Baada ya shikamoo nikamwuliza anajuaje pa kugeuza.

"Mwanangu, mimi sijageuza kitu. Ndivyo wasemavyo wenyewe."

Nilirudi kwa matatu nikilifikiria hilo. Wenyewe nao waliyapokea kwa wazazi wao, na wazazi kwa wazazi wao. Basi pana mahali nyuma huko ambapo mtu alianza kusema *trägt* wakati jirani yake anasema *sagt*, na alikuwa na sababu.

## Jedwali la miaka elfu moja na mia mbili

Kijerumani cha kale cha upande wa kusini na kati kimehifadhiwa katika maandishi ya watawa, kuanzia karne ya 8. Mojawapo ya makubwa ni tafsiri ya Injili iliyoandikwa katika nyumba ya watawa ya Fulda mnamo mwaka 830. Kutokana na maandishi kama hayo, vitabu vya sarufi ya kihistoria hutupa majedwali kamili. Nilichofanya ni kuyaweka yale mawili ya ubaoni yakiwa katika sura yao ya zamani:

| | kusema | kubeba |
|---|---|---|
| mimi | sagēm | tragu |
| wewe | sagēs | tregis |
| yeye | sagēt | tregit |
| sisi | sagēmēs | tragamēs |
| ninyi | sagēt | traget |
| wao | sagēnt | tragant |

Tazama mwisho wa maneno. Acha shina kwanza.

Upande wa *tragen*, nafsi ya pili na ya tatu umoja zina *-is* na *-it*. Hizo ndizo pekee zenye i. Mimi ina u, sisi ina a, ninyi ina e, wao ina a. Na ni hizo mbili hizo hizo, *tregis* na *tregit*, ambazo a ya shina imekuwa e. Upande wa *sagen* hakuna i hata moja, kote ni ē ndefu, na shina limekaa na a yake kutoka juu hadi chini.

Kumbe a iligeuzwa na i iliyokuja nyuma yake.

Baadaye sana, Kijerumani kilipofifisha irabu za mwisho, *tregis* na *sagēs* zote zilipoteza kilichozitofautisha. Ile i ikadhoofika ikawa e hafifu, kisha mara nyingi ikamezwa kabisa, na leo tunabaki na *-st* na *-t* kwa vitenzi vyote. Kiishio kimeondoka, alama yake imebaki ndani ya shina, kama udi: chetezo kimeshatolewa chumbani lakini nguo bado zinanukia. Zile nukta mbili juu ya ä ni maandishi tu ya baadaye. Ziliwekwa ili msomaji aone kwamba e hii ina undugu na a ya *tragen*.

Ndiyo maana *ihr tragt* hana nukta. Kiishio chake kilikuwa *-et*, si *-it*. Leo *er* na *ihr* wana t moja ile ile, lakini hawakuzaliwa na t moja.

## Ulimi unaowahi

Bado kuna swali: i iliyo mwisho wa neno inaigeuzaje a iliyo mwanzo wake, na katikati kuna konsonanti?

Jaribu mwenyewe, kwa sauti. Tamka a: ulimi umelala chini, kinywa wazi. Tamka i: ulimi umepanda mbele, karibu na kaakaa. Mtu akisema *tragit* haraka, ulimi una safari ya kutoka chini hadi juu mbele ndani ya muda mfupi mno, nao huanza safari mapema. Irabu ya kwanza inatamkwa ulimi ukiwa tayari umesogea mbele. Mahali kati ya a na i ni pale inapokaa e. Watoto wanaosikia hivyo wanachukua e kuwa ndiyo sauti yenyewe, na kizazi kinachofuata hakijui kwamba palikuwa na a. Wanaisimu huliita badiliko hili umlauti.

Haikuwa kwa vitenzi tu. *Gast*, mgeni, wingi wake wa kale ni *gesti*, leo *Gäste*. Ni i ile ile, na a ile ile.

Nilipofika hapa niliacha kusoma, kwa sababu jambo hili tunalo.

Mtu anayepika ni *mpishi*. Anayelinda ni *mlinzi*. Anayefuata ni *mfuasi*, anayejenga ni *mjenzi*, anayeiba ni *mwizi*. Hakuna anayesema *mpiki* wala *mlindi*. Kiambishi *-i* kikiingia mwishoni, sauti iliyo mbele yake inabadilika kabla ya kufikiwa: k inakuwa sh, nd inakuwa nz, t inakuwa s. Kwetu iliyoguswa ni konsonanti, kwao ni irabu, lakini mwelekeo ni mmoja, wa nyuma kumgeuza wa mbele.

Nikalipeleka hilo darasani, na dada yule yule akanikamata papo hapo.

"Sawa mwalimu. Lakini *pikia* pia ina i. Mbona hatusemi *pishia*?"

## Pikia

Swali hili lilinichukua muda kuliko la kwanza, na ndilo lililonifanya niliamini jibu lenyewe.

Ni kweli kabisa. *Pika* inazaa *mpishi* lakini pia *pikia*. *Linda* inazaa *mlinzi* lakini pia *lindia*. *Fuata*, *mfuasi*, *fuatia*. Ukimwonyesha mgeni maneno haya atasema Kiswahili hakina utaratibu, kama tunavyosema sisi kuhusu *sagt* na *trägt*.

Maelezo yalitolewa zamani, na Mjerumani. Carl Meinhof, katika kitabu chake cha mwaka 1899 juu ya sauti za lugha za Kibantu, alionyesha kwamba katika lugha mama ya Kibantu palikuwa na irabu saba, si tano. Kulikuwa na aina mbili za i: moja ya juu kabisa, iliyobana sana, na nyingine chini yake kidogo. *-i* ya *mpishi* ilikuwa ile ya juu, na ndiyo iliyoibana k mpaka ikawa sh. Ile ya *pikia* ilikuwa ya chini, haikuwa na nguvu hiyo. Kiswahili kikaja kuziunganisha zote mbili kuwa i moja. Tofauti ya sababu ikafutika, tofauti ya matokeo ikabaki.

Sasa irudishe Kijerumani. *Tregit* ilikuwa na i, *sagēt* ilikuwa na ē. Sauti mbili tofauti, moja ina nguvu ya kugeuza, nyingine haina. Baadaye zikaunganishwa, zote zikawa *-t* tupu. Anayetazama leo anaona viishio vinavyofanana na mashina yasiyofanana, anashangaa.

Dada akatikisa kichwa. "Kwa hiyo *sagen* hakusamehewa. Hakuguswa tu."

Hakuguswa, ndiyo.

Kuna njia ya kujua leo kitenzi kiko upande gani bila kufungua maandishi ya watawa. Tazama umbo lake la wakati timilifu. *Gesagt*, *gefragt*, *gemacht*, *gelebt*: yanaishia t. Jacob Grimm, katika sarufi yake iliyoanza kutoka mwaka 1819, aliviita vitenzi hivi dhaifu, na kanuni ni kwamba shina lao halibadiliki katika wakati uliopo. *Er fragt*, *er lebt*, hakuna nukta, hakuna i. *Getragen*, *gegeben*, *geschlafen*, *geholfen*: yanaishia en. Hivi ndivyo Grimm aliviita vyenye nguvu, na hawa ndio wa kuangaliwa kama shina lina a, lina *au* kama *laufen*, au lina e. *Haben* ni dhaifu na bado lina *hast* na *hat*, lakini pale kilichotokea ni b kumezwa, a imebaki a.

Na usiwaonee haya wanaokosea. *Sägt* ni neno halali, ila ni la *sägen*, kukata kwa msumeno. Muuguzi akisema *der Arzt sägt*, mgonjwa atakuwa na haki ya kuuliza.

## Gib, lakini fahr

Nilidhani nimemaliza. Kisha tukafika kwenye amri.

Ukimwamuru mtu mmoja ampe mwenzake kitu, unasema *gib!* Achukue: *nimm!* Asaidie: *hilf!* Ale: *iss!* E imekuwa i, kama katika *du gibst*. Lakini ukimwamuru aendeshe, unasema *fahr!* Abebe: *trag!* Alale: *schlaf!* Hapa a imekaa. Kundi moja linabadilika, la pili halibadiliki, na yote mawili ni ya vitenzi vyenye nguvu. Jedwali langu la viishio halikuwa na la kusema.

Jibu liko kwenye saa.

Ninayoyaita mabadiliko ya irabu ni matukio mawili, yaliyopishana karne nyingi. La kwanza ni e kuwa i. Hilo ni la kale sana, lilianza Kijerumani kikiwa bado hakijatengana na ndugu zake. La pili ni a kuwa e, ambalo linaonekana katika maandishi mnamo karne ya 8.

Amri ya nafsi ya pili umoja hapo kale ilikuwa na irabu fupi mwishoni, ambayo ilikuwa imekuwa i. Hiyo i iliishi muda wa kutosha kuigeuza e ya *geben*, ikatoa *gib*. Kisha ikadondoka. Ilipofika zamu ya a kugeuzwa, mwishoni mwa amri hapakuwa na i tena. *Far*, waliandika watawa, neno tupu. Hapakuwa na kitu cha kuivuta a mbele.

Katika *feris* na *ferit*, i ilikuwa imelindwa na s na t, ikadumu, ikaikuta zamu ya pili.

Basi *gib* na *fahr* zinatuambia nini kilitangulia. Hii ndiyo sehemu iliyonifurahisha kuliko zote, na ndiyo ninayotaka mwanafunzi aione anapolalamika kuhusu amri: anachokiona ni tarehe mbili. Kwa matumizi, kanuni ni nyepesi. Kitenzi cha e hadi i huibeba i yake kwenye amri. Kitenzi cha a hadi ä huacha nukta nyumbani.

## Mimi aliyerudishwa

Hebu tazama *geben* katika sura yake ya kale, nafsi za umoja tu: *gibu, gibis, gibit*. Na wingi: *gebamēs, gebet, gebant*.

Umeona? Mimi pia ana i. *Ich gibu*.

Kwa e kuwa i, irabu yoyote ya juu ilitosha, i au u, kwa sababu kilichotokea ni ulimi kuinuka. Kwa a kuwa e ilihitajika i peke yake, kwa sababu ulimi ulisogea mbele, na u iko nyuma. Ndiyo maana *tragu* haikuguswa ingawa ina u, na *gibu* iliguswa. Kwa hiyo hapo zamani jedwali la *geben* lilikuwa limegawanyika vizuri katikati: umoja wote i, wingi wote e.

Mbona leo tunasema *ich gebe*?

Hapa hakuna sababu ya sauti. Katika Kijerumani cha zama za kati bado waliandika *ich gibe*. Baadaye watu walilisawazisha: *ich* alikuwa tayari anafanana na wingi katika *ich trage, wir tragen*, na katika vitenzi vyote dhaifu, basi akavutwa huko katika *geben* nako. Lugha rasmi ikachukua *ich gebe*. Lahaja za Bavaria na Austria hazikujali, na huko hadi leo utamsikia mtu akisema *i gib* na *i nimm*. Muuguzi wetu akiangukia kijiji cha huko asidhani mwenyeji hajui jedwali lake. Amelishika la zamani.

Na hapa ndipo shaka yangu ilipo, sitaificha. Historia inaeleza kila kilichobadilika, lakini haiwezi kutabiri kipi kitasawazishwa. *Kommen* ni kitenzi chenye nguvu, *gekommen*, na bado ni *er kommt*. Katika karne ya 18 waandishi waliandika *kömmt*, na hakuna kanuni iliyosema lazima life. *Fliegen*, kuruka angani, lilikuwa na *er fleugt*, na leo limebaki katika msemo mmoja wa kale kuhusu kila kitambaacho na kirukacho. Wengine wote wanasema *fliegt*. Mwanafunzi akiniuliza kwa nini *fleugt* limekufa na *gibt* liko hai, ninachoweza kusema ni kwamba *geben* hutumika kila saa, na neno litumikalo kila saa huwa gumu kulisawazisha. Hilo ni kweli kwa ujumla. Lakini *kommen* nalo hutumika kila saa.

## E mbili

Kuna kitenzi kimoja ambacho wauguzi hukikosea zaidi ya vyote, na kwao ni cha kila siku: *heben*, kuinua. Mgonjwa huinuliwa kitandani mara ngapi kwa siku? Umbo lake ni *gehoben*, linaishia en. Lina e. Kwa kanuni zote nilizotoa, ingekuwa *er hibt*.

Ni *er hebt*.

Kilichotokea ni kwamba e ya *heben* si e ya kuzaliwa. Katika Kigothi, lugha ndugu iliyoandikwa karne ya 4, neno ni *hafjan*, lenye a. Ile j, ambayo ni i iliyogeuka konsonanti, ilikuwa ndani ya shina lenyewe, katika nafsi zote. Basi a iligeuzwa e katika nafsi zote: ich, du, er, wir, wote. Jedwali zima lilikwisha badilika kabla hatujaliona. Na e iliyotokana na a haigeuki tena kuwa i, kwa kuwa zamu ya e kuwa i ilikuwa imepita zamani.

Sarufi za kihistoria huzitenganisha e hizi kwa alama, ya kale huandikwa ë. Kijerumani cha leo kimeziandika sawa, ni i na i za *mpishi* na *pikia* tena.

*Gehen* na *stehen* sitazieleza. Ni vitenzi vifupi vya aina yao, viishio vyao viliungana na shina mapema, na *geht* na *steht* hazina matata kwa mwanafunzi. *Sein* ndiyo kabisa: *bin*, *ist* na *war* zimetoka katika mizizi tofauti iliyokusanywa katika jedwali moja, na hapo kukariri ni kukariri.

*Können* inahitaji sentensi mbili tatu, kwa sababu inadanganya macho. *Ich kann, du kannst, er kann, wir können*: umoja a, wingi ö, na *er* hana t. Hii haihusiani na i yoyote ya *du* na *er*. Ni umbo la wakati uliopita lililochukuliwa likatumika kama wakati uliopo, na wakati uliopita wa kale ulikuwa na irabu moja kwa umoja na nyingine kwa wingi. Linganisha *ich kann, er kann* na *ich gab, er gab*, utaona ufanano: *ich* na *er* wako sawa, na hakuna t. *Wissen* nayo ni hivyo hivyo, *ich weiß, er weiß*.

## Ubaoni sasa

Siku hizi nikiandika jedwali la kitenzi chenye nguvu naongeza safu ya tatu, nyembamba, yenye kiishio cha kale: u, is, it, amēs, et, ant. Haiingii kwenye mtihani. Inakaa pale ili jicho lione i mbili na lijue ni kwa nini mistari hiyo miwili ndiyo inayobadilika. Kisha tunafanya zamu ya wodi, sentensi za kazi: *Die Schwester misst den Blutdruck. Der Patient schläft. Er nimmt die Tablette. Sie wäscht die Hände. Er isst nichts. Du hilfst ihm.* Kila moja mwanafunzi anaigeuza kuwa *ihr*, na irabu inarudi nyumbani: *ihr messt, ihr schlaft, ihr nehmt, ihr wascht, ihr esst, ihr helft*.

Nimegundua kwamba kosa sasa limehama. Hawakosei tena kwa *er schläft*. Wanakosea kwa *er hält*. *Halten* shina lake linaishia t, na wamezoea kuchomeka e kabla ya kiishio, kama *er arbeitet*, *er findet*, kwa hiyo wanaandika *er hältet*. Hapo kanuni ni kwamba shina lililogeuza irabu halichomeki e: t mbili zinakutana, moja inamezwa. *Er hält. Er rät. Er tritt.* Kwa *laden* d inaandikwa lakini haisikiki: *er lädt*. Kwa *du* t ya shina inaandikwa, *du hältst*, na nusu ya darasa inaisahau.

Na kuna hili ambalo mzee wangu wa Bamburi alinidokeza nilipomrudia. Wageni wake, vijana hasa, hawasemi *nimm* kila mara. Husema *nehm mal*, husema *geb mal*, husema *ess doch*. Walimu wa Ujerumani hulikemea hilo, na kwenye karatasi ya mtihani ni kosa. Lakini ni usawazishaji ule ule uliomrudisha *ich* wa *ich gibe*, unaendelea masikioni mwetu. *Backen*, kuoka, limeshafika mbali zaidi: *er bäckt* na *er backt* zote zinakubaliwa kwenye kamusi. *Melken*, kukamua, *er milkt* linasikika kama la babu.

Dada aliponiuliza aandike lipi, nilimwambia aandike *nimm*, na asishtuke mgonjwa akimwambia *nehm*.

"Na *bäckt*?"

Lolote, nikamwambia. Hilo bado wanabishana.